Kreti 24, Mkokoteni Mmoja na Kosa la Fremu Sita

Wasee, kuna text nilipata Ijumaa usiku saa tano, nikakaa chini: "Buda, kreti zako zimegoma. Zinaelea tu hewani kama baluni."

Aliyeituma ni beshte yangu anayeandika kodi ya gemu yetu. Mimi natengeneza vitu vya kuonekana kwa Blender, yeye anaviingiza kwa Godot. Gemu yenyewe ni ndogo: unakimbia sokoni ukiwa umechelewa, na kuna mahali mkokoteni umejaa kreti za soda unapinduka mbele yako. Kreti 24, zimepangwa sita chini na kwenda juu mara nne. Zinamwagika barabarani, na upande wa kushoto unabaki mwanya mdogo. Ukiuona mapema unapita. Ukichelewa, umeisha. Tulikuwa tumeahidi watu wa kutujaribia gemu kwamba Jumapili watapata sehemu hiyo. Beshte alishasema kama haitafanya kazi, anaikata.

Sasa, kwa nini hatukuacha Godot yenyewe iangushe hizo kreti? Kwa sababu ya mwanya. Fizikia ya gemu inahesabiwa pale pale mchezaji akicheza, na tofauti ndogo tu inaweza kubadilisha mahali kreti inatua. Leo mwanya uko kushoto, kesho umezibwa na kreti mbili, na mchezaji anakufa bila kosa lake. Tulitaka zianguke vile vile kila wakati, kwa kila simu. Kwa hivyo niliziangusha mara moja kwa Blender, nikachezea mpangilio mpaka nikapata anguko lenye mwanya safi, kisha nikataka kulituma hilo anguko kama lilivyo.

Hapo ndipo nilipojikwaa mara ya kwanza. Ukiweka Rigid Body kwa kitu ndani ya Blender na ubonyeze kucheza, unakiona kikianguka, na akili inakuambia tayari una animesheni. Huna. Unachoona ni hesabu iliyohifadhiwa kando kama kumbukumbu ya Blender. Kreti yenyewe haijaandikiwa popote kwamba fremu ya 20 iwe wapi. Mimi nilitoa faili ya `.glb` hivyo hivyo, na kilichofika kwa Godot ni kreti 24 zimesimama pale zilipoanzia, mkokoteni ukiwa umeshapinduka chini yake. Ndiyo zile baluni.

Dawa yake ni kupika. Unachagua kreti zote, unaenda Object, kisha Rigid Body, kisha Bake To Keyframes. Blender inapita fremu moja baada ya nyingine na kuacha alama kwa kila kreti: hapa iko mahali hivi, imegeuka hivi. Alama hizo ndizo Godot inaelewa. Inakuuliza ianzie fremu gani na iishie wapi. Mimi nilipika 1 hadi 90. Pia kuna kisanduku cha Step, kiache kwa 1. Nilijaribu 3 nikidhani nitapunguza ukubwa wa faili, nikaona kreti zinageukia hewani kabla hazijagusa lami. Ile fremu ambayo kreti inagonga chini ilikuwa imerukwa, na Blender ikaunganisha alama mbili za pembeni kwa mstari ulionyooka. Na hata hiyo faili yenyewe si kubwa. Mahali na mgeuko wa kreti moja kwa fremu moja ni kama baiti 28. Zidisha kwa kreti 24 na fremu 90, unapata kama kilobaiti 60. Picha moja ya WhatsApp inaweza kuwa nzito kuliko hiyo.

Kitu kimoja ambacho hakuna mtu aliniambia mapema: ukishapika, Blender inaondoa Rigid Body kwa hizo kreti. Zinabaki alama peke yake, fizikia imeenda. Kwa bahati nina tabia ya kuhifadhi nakala kila nikiogopa kitu, kwa hivyo nilikuwa na `kreti_sim.blend` kabla ya kupika na `kreti_pika.blend` baada. Kumbuka hizo faili mbili, zinarudi.

Jumamosi asubuhi nikatuma faili mpya. Jibu: "Sasa imeanguka moja. Moja tu, manze."

Hii ilinikula saa mbili. Kwa Blender zote zilikuwa zinaanguka vizuri. Mwishowe nikamwambia beshte aulize Godot ina animesheni ngapi:

```
print($AnimationPlayer.get_animation_list())
```

Orodha ikatoka na majina 24. Kumbe kila kreti ikipikwa inapata kitabu chake cha alama, kile Blender inaita Action, na nilipotoa faili, kila kitabu kiligeuka kuwa animesheni yake. Beshte alikuwa anacheza ya kwanza kwenye orodha, na ya kwanza inahusu kreti moja. Hakuna kilichoharibika. Ni kama kuita wachezaji 24 uwanjani na kumpigia filimbi mmoja.

Unaweza kuandika kodi ya kuzicheza zote pamoja, lakini njia rahisi iko kwenye dirisha lile lile la kutoa glTF. Chini ya Animation kuna chaguo la aina ya animesheni, na kwangu lilikuwa Actions. Nikaweka Active Actions merged. Hiyo inachukua Action inayotumika kwa kila kitu na kuzishona kuwa animesheni moja. Tukauliza Godot tena, jina likawa moja. Tukacheza, zote 24 zikaanguka. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Halafu nikaangalia tena. Kitu hakikuwa sawa.

Kreti zilikuwa zinaanguka haraka, lakini si ile haraka ya kitu chepesi. Zilikuwa kama zinavutwa chini na kamba. Beshte hakuona shida. Mimi nilikuwa nimeangalia hilo anguko labda mara mia mbili, nikajua halikuwa lile langu. Na kwa gemu hii si urembo tu: anguko likiisha mapema, mchezaji ana muda mchache wa kuuona mwanya.

Nikafanya jaribio dogo ambalo sasa nalifanya kila mara. Weka kreti moja mita 5 juu ya ardhi, iache ianguke. Kwa mvuto wa dunia, mita 5 huchukua kama sekunde moja. Kwa fremu 24 kwa sekunde, inagusa chini baada ya fremu 24 hivi. Nikaipika kwa fremu 24, nikaipitisha hatua zile zile nilizopitisha kreti zingine, nikaitoa, nikaipima kwa Godot. Iligusa chini kwa sekunde 0.8.

24 gawanya kwa 30 ni 0.8. Hapo nikajua mwizi ni nani, na alikuwa mimi. Ijumaa nilikuwa nimeona kwamba Godot ikiingiza faili ina mpangilio wa fremu 30 kwa sekunde, nikaona busara Blender nayo iwe 30. Nikabadilisha Frame Rate kutoka 24 hadi 30, lakini baada ya kupika. Alama zilizopikwa zimefungwa kwa namba ya fremu, si kwa sekunde. Fremu ya 24 inabaki fremu ya 24. Ukisema sasa sekunde ina fremu 30, kila kitu kinaisha mapema, na anguko langu la sekunde 3.75 likawa la sekunde 3. Kwa macho inakuwa kama mvuto umepanda kutoka 9.8 hadi zaidi ya 15. Ndiyo maana kreti zilionekana kuvutwa.

Nilichofanya baadaye ndicho kilitaka kuniua. Nikaona nifanye kazi safi: nikafungua `kreti_sim.blend`, nikaweka 30, nikaangusha upya, nikapika upya. Kasi ikawa nzuri kabisa. Mwanya ukapotea. Kreti mbili zililala pale pale katikati ya njia.

Fikiria vizuri utaona sababu. Blender inahesabu fizikia kwa vipande ndani ya kila fremu. Ukibadilisha fremu kwa sekunde, urefu wa kila kipande unabadilika, kreti ya kwanza inagonga ya pili kwa pembe tofauti kidogo, na ikifika ya kumi na tano ni hadithi nyingine. Beshte alikuwa ameshaweka mipaka ya kugongana kufuata mwanya wa zamani, maana kreti zilizopikwa hazina fizikia tena kwa gemu. Ni picha zinazosogea, unazipenya kama moshi usipoweka kizuizi chako. Kuhamisha mwanya kulimaanisha yeye arudie kazi yake yote usiku huo. Sikuwa na uso wa kumwambia.

Nikakaa kama dakika kumi nikiangalia dari. Halafu nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza Ijumaa: nani alisema lazima iwe 30? Faili ya glTF inahifadhi muda kwa sekunde. Ningeacha 24, fremu ya 24 ingeandikwa sekunde 1, na Godot ingeweka sampuli zake 30 juu ya sekunde ile ile. Mwendo ungebaki vile vile. Nilikuwa natibu ugonjwa ambao haukuwepo.

Nikafungua `kreti_pika.blend`, zile alama za zamani, nikarudisha Frame Rate 24, sikugusa kingine chochote, nikatoa. Sekunde 3.75, mwanya kushoto.

Kilichobaki ni turubai. Nilitaka turubai la bluu lifunike kreti na lipeperuke wakati mkokoteni unapinduka, na nilikuwa nimeshalisimulisha kama kitambaa. Lakini kitambaa hakipikwi kama kreti. Kreti ni ngumu, kwa hivyo inatosha kusema iko wapi na imegeukaje. Kitambaa kinajikunja, kwa hivyo inabidi uhifadhi mahali pa kila pointi yake, fremu kwa fremu. Turubai langu lilikuwa na pointi 1,000. Kwa fremu 90, baiti 12 kila pointi, ni zaidi ya megabaiti moja, kwa turubai moja, wakati kreti zote 24 ni kilobaiti 60. Na tunalenga simu za bei ya chini. Nikalifuta, nikaweka turubai dogo lenye mifupa mitano na kulisogeza kwa mkono. Halipendezi sana. Ukilitazama kwa makini utaona linapepea kama kadibodi.

Jumapili saa nane mchana beshte alinitumia video. Mchezaji anakimbia, mkokoteni unapinduka, kreti zinamwagika, anakata kushoto, anapita. Chini aliandika: "Hilo turubai ni nini?"