Ile 26 Iache kwenye Rasimu

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema ulimwazima shoga yako daftari usiku mmoja, na jana alipokupa insha yake uipitie, ukakuta ni yako, kabadilisha aya ya kwanza tu. Unaniuliza unyamaze au umshitaki kwa mwalimu.

Kwanza hakikisha. Habari za mkonge mmezisoma katika kitabu kimoja, basi si ajabu nyote kuandika kwamba Dakta Hindorf aliuleta huku mwaka 1893. Jambo la kweli huandikwa na wengi. Lakini kitabu kinasema miche iliyosalimika ilikuwa 62. Wewe kwa haraka ukaandika 26, na yeye kaandika 26. Hilo hakulipata kitabuni. Tena yule babu wa kwenye insha, aliyerudi kutoka shambani viganja vimechanwa na miiba ni marehemu baba yangu. Babu yake yeye alikuwa mvuvi.

Nilipokuwa nafundisha, niliwahi kusahihisha insha mbili zilizofanana hivyo. Nikawaita wenyewe, wote wakainamisha vichwa. Sikuwa na njia ya kujua nani kanakili kwa nani, nikawapa wote sifuri. Mwaka uliofuata mmoja wao alinirudishia kitabu nilichomwazima, ndani yake kumesahaulika karatasi ya rasimu: sentensi zimekatwa, neno moja limejaribiwa mara tatu. Anayenakili hahangaiki hivyo. Nikamwuliza kwa nini hakuileta siku ile. Akasema hakutaka kumchongea mwenzake. Na huyo mwenzake, mwanangu, walikuwa hawasalimiani tena.

Kwa hiyo usinyamaze, wala usianzie kwa mwalimu. Mwite shoga yako kesho, mkiwa wawili tu, si bwenini mbele za watu. Usimwite mwizi, mwonyeshe ile 26, kisha nyamaza umsikilize. Insha zinakusanywa Ijumaa, muda wa kuandika yake anao. Akikwama, mwulize kuhusu babu yake na nyavu zake, lakini kalamu aishike mwenyewe.

Akishikilia kukusanya ile ile, nenda kwa mwalimu kabla hajaanza kusahihisha, na rasimu yako mkononi. Umwambie pia kwamba daftari ulilitoa wewe, maana hilo ni lako na atakuuliza. Zaidi ya mwalimu, asijue mtu mwingine. Habari ikishafika darasani, hata akitubu hatakuwa na pa kuweka uso.

Katika nakala safi andika 62. Kwenye rasimu iache ile 26 ilivyo, usiifute.

Nisalimie mama yako.

Shangazi yako