Kufuta malalamiko baada ya kupatana: usiandike "sina madai" kabla hujalipwa

Barua ninayoijutia kuliko zote ina mistari miwili: "Nimefuta malalamiko yangu. Tumeelewana na sina madai tena." Niliiandika mimi mwenyewe kwa niaba ya mkulima mmoja wa mpunga upande wa Mngeta, naye akaweka dole gumba.

Ng'ombe walikuwa wameingia shambani kwake mwezi wa nne, mpunga ukianza kutoa masuke. Nilipopima nilikuta nusu ekari imeliwa na kukanyagwa. Sehemu iliyopona tulikadiria ingetoa gunia 14 kwa ekari, kwa hiyo hasara ilikuwa gunia 7. Mfugaji hakubisha. Mbele ya mtendaji wa kijiji walikubaliana alipe gunia 4 mwisho wa Juni na 3 mwisho wa Agosti. Akaomba malalamiko yafutwe siku hiyohiyo, na sote tukaona ni uungwana.

Gunia 4 zilikuja, ila Agosti ikapita kimya. Mkulima aliporudi ofisini alimkuta mtendaji mgeni. Faili lilikuwa na malalamiko, tathmini yangu na ile barua ya mistari miwili. Makubaliano ya gunia 7 hayakuandikwa popote. Mfugaji alipoitwa alijibu kwa adabu kabisa: "Mzee wangu, si uliandika huna madai?" Hapo hata mimi sikuwa na la kusema.

Kosa halikuwa kupatana. Kosa ni kwamba barua ilifuta malalamiko na deni kwa pamoja. Hayo ni mambo mawili. Unaweza kuondoa lalamiko la ng'ombe kuingia shambani, huku ahadi ya kulipa ikabaki hai kwenye karatasi. Siku hizi nikiombwa msaada naandika hivi:

"Naondoa malalamiko yangu ya tarehe 18 Aprili kwa sababu tumepatana kwa masharti haya: nitalipwa mpunga mkavu kilo 700 kwa mzani, kilo 400 ifikapo 30 Juni na kilo 300 ifikapo 31 Agosti, ukiletwa nyumbani kwangu. Kilo ambazo hazitalipwa kwa tarehe hizo zitabaki kuwa deni, na kuondoa malalamiko haya hakufuti deni hilo. Malalamiko, tathmini na barua hii vibaki katika faili."

Angalia nimeandika kilo, si gunia. Gunia la nani? Anayedai atataka lumbesa, anayelipa ataleta lililolegea, na mtagombana upya.

Wasaini wote wawili, kwa sababu barua yenye saini yako peke yako inakufunga wewe tu. Kila upande uwe na shahidi wake. Kama kuna asiyejua kusoma, asomewe kwa sauti, na iandikwe kwamba amesomewa, na nani, kabla hajaweka dole. Toeni nakala tatu: yako, ya mwenzako na ya ofisi. Usiondoke mpaka yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Neno "sina madai" lina siku yake: ni siku kilo ya mwisho inapopimwa, na unaliandika kwenye stakabadhi ya malipo hayo.

Kama mgogoro ni wa ardhi na umefika Baraza la Kata, kumbuka kwamba tangu marekebisho ya sheria ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui. Basi karatasi ya suluhu ndiyo kila kitu mtakachotoka nacho.

Shauri likiwa limeshafunguliwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, uwe mwangalifu zaidi. Kuliondoa bila kuomba ruhusa ya kulifungua tena kunaweza kukufungia mlango. Badala ya kusema "naliondoa", pelekeni makubaliano yenu kwa maandishi, yamesainiwa na pande zote mbili, muombe baraza liyasajili na kutoa tuzo kwa masharti hayo. Hapo mwenzako akikaidi, unaomba utekelezaji wa tuzo. Huanzi kesi upya. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Amri ya 23, ndiyo inayotofautisha njia hizi mbili.

Polisi ni habari nyingine. Kesi ya jinai ikishafika mahakamani ni ya Jamhuri, na barua yako peke yake haiifuti. Usimwahidi mwenzako kwamba "kesi imekwisha", wala usikubali malipo yako yategemee ahadi hiyo.

Yule mzee hakuzipata gunia zake 3. Mwaka uliofuata ng'ombe wa mtu mwingine waliingia kwa jirani yake. Alikuja naye ofisini kwangu, na kabla sijashika kalamu akaniambia, "Bwana shamba, leo andika kilo."