Fedha ya Mtoto Si Fedha ya Ukoo

Dada yangu, mjane aliyefanya kazi katika shamba la chai huku Usambara, alipofariki, aliacha watoto wawili: mmoja wa miaka 16, mwingine 12. Katika kikao cha familia, Lushoto, niliteuliwa kuwa mlezi. Kabla chai haijapoa, mzee mmoja alishauri kwamba pensheni itakayolipwa ianze kwa kujengea kaburi. Sikumlaumu, aliona ni mali ya marehemu. Lakini pensheni ya wategemezi inayolipwa na NSSF kwa watoto wa mwanachama aliyetimiza masharti ya michango ni haki ya mtoto mwenyewe, na mlezi ni mkono wa kuipokea tu.

Nilianza na muhtasari wa kikao kile, nikaupeleka Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Kisha vikafuata vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na hapo tulikwama. Kazini dada alijiandikisha kwa jina la ukoo. Katika vyeti vya watoto mama yao aliitwa kwa jina jingine. Ilibidi niape kiapo cha majina, na wiki kadhaa zikapotea. Wenye wazazi walio hai, linganisheni majina hayo leo.

Malipo huendelea hadi mtoto atimize miaka 18, au 21 akiwa bado masomoni. Mwenye ulemavu hutazamwa kwa kanuni yake. Mkubwa wetu alitimiza 18 baada ya mtihani wa kidato cha nne wa Novemba, ilhali kidato cha tano huanza Julai. Katika miezi ile hakuwa mwanafunzi wa popote. Barua ya kupangiwa shule ndiyo iliyothibitisha kwamba bado anasoma. Mlezi asiyeipeleka huachia haki ipotee.

Lakini kinachonisumbua zaidi nakiona darasani kwangu. Kijana aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 7 hufika chuo kikuu akiwa na 20 hivi. Akitimiza 21 yumo mwaka wa kwanza au wa pili, na pensheni inakoma.

Kwa hiyo fedha ya mdogo niliigawa mapema. Ada ya shule za serikali imefutwa, hadi kidato cha sita tangu 2022, lakini godoro, sare, daftari na nauli ya kushuka Mombo havijafutwa. Hivyo hutoka humo. Tuseme fungu lake ni shilingi 60,000 kwa mwezi: nikiweka 15,000 katika akaunti yake tangu miaka 12 hadi 21, zitakuwa 1,620,000, bila faida yoyote. Kaburi tulilijenga kwa michango ya wajomba.

Vyeti vya vifo vya wazazi wote wawili nimevihifadhi. Bodi ya Mikopo huvitaka vikiwa vimehakikiwa na RITA, mwombaji anapojitambulisha kuwa yatima.