Mayai 60, volti 1.85 na aibu yangu Kibaha

Najua nimepotea wiki mbili nzima, na wengine mmeshaanza kusema nimekimbia testi. Sijakimbia. Nilikuwa nahangaika na mayai ya watu.

Mama mdogo wangu wa Kibaha anafuga kuku wa kienyeji, akanunua mashine ya kutotolesha, ile ya boksi na balbu. Kipimajoto chake kilikuwa kimevunjika. Na mimi si ndiye mwalimu mtarajiwa wa fizikia kwenye ukoo? Nikamwambia shikamoo mama, wala usinunue kingine, nakutengenezea. Mdomo huu!

Nilichotumia ni thamista, kile kitu kidogo kama punje ya pilipili manga chenye miguu miwili. Ukinzani wake unapungua joto likipanda. Yangu ilikuwa omu 10000 kwenye digrii 25, na B yake 3950. Nikaiunga mfululizo na rezista ya kawaida ya omu 10000: kutoka chanya ya volti 5 unapita kwenye rezista, kisha thamista, kisha hasi. Multimita unaiweka kwenye miguu ya thamista na unasoma volti. Kutoka hapo unarudi nyuma hatua mbili. Kwanza unapata ukinzani, halafu joto kwa kelvini:

```
R = 10000 * V / (5 - V)
1/T = 1/298.15 + ln(R/10000)/3950
```

Ukitoa 273.15 una digrii zako za kawaida. Mayai ya kuku yanataka 37.5 kwenye mashine yenye feni. Hapo thamista inakuwa kama omu 5870, na multimita inatakiwa isome volti 1.85. Kila digrii moja inasogeza kama volti 0.048, kwa hiyo ukiweka multimita kwenye renji ya volti 2 unaona hata sehemu ndogo ya digrii.

Maabara nilianza vizuri. Chumba kilikuwa digrii 25, na hesabu ikatoa 25. Nikajipigia makofi. Halafu nikaiweka thamista kwapani, nikasubiri, nikapiga hesabu: digrii 30! Ina maana mimi ni maiti inayotembea. Rafiki yangu aliyekaa pembeni akachungulia kalkuleta yangu akacheka mpaka akakohoa. Nilikuwa nabonyeza log badala ya ln. Sasa ona uchawi wake: kwenye digrii 25, R ni sawa na 10000, uwiano ni 1, na log ya 1 ni sifuri kwa vitufe vyote viwili. Yaani ukijaribu kwenye joto la chumba tu, kosa hili halionekani kabisa. Hata ukikosea ukapima volti za rezista badala ya thamista, kwenye 25 utapata jibu sahihi, kwa sababu zote mbili zina omu 10000. Ni lazima upime mahali pengine palipo mbali na 25.

Nikarekebisha, kwapa likasoma 36 na kitu, nikaridhika. Nikamchapia mama mdogo jedwali, volti upande huu na digrii upande ule, 1.85 nikaizungushia wino mwekundu. Jumamosi nikapeleka, tukaunga kwenye chaja ya simu, akazungusha skrubu ya thamostati mpaka multimita ikatulia kwenye 1.85. Mayai 60 yakaingia. Nikala pilau nikarudi kampasi.

Jumatano usiku simu.

"Mwanangu, chombo chako kinasema sawasawa, lakini haya mayai nikiligusisha moja kwenye kope naona limepoa. Kuku halalii hivi."

Nikamwambia mama, hiyo ni hesabu, kope haiwezi kushinda hesabu. Akanyamaza. Nyie mnajua ule unyamazaji wa mama. Alfajiri nikawa kwenye daladala.

Nilibeba kipimajoto cha homa, kile cha dijitali. Nikatia ncha yake kwenye kichupa cha maji yaliyofunikwa kilichokuwa kimelala pembeni ya mayai tangu usiku. Kikasoma 34.2. Multimita bado 1.85, inanikodolea macho. Mayai yalikuwa yamekaa siku nne kwenye baridi ya digrii tatu na zaidi, na mama mdogo alikuwa ameyakusanya kwa majirani kwa pesa ya kikoba.

Nilikagua thamista, nzima. Rezista, nzima. Mwisho nikapima kitu ambacho sikuwahi kukipima pale nyumbani: ile 5 yenyewe. Ilikuwa 4.6! Chaja ileile ilikuwa inazungusha na kafeni ka mashine, kupitia waya mrefu mwembamba, na volti zilikuwa zinapotelea njiani. Maabara sikuwa na feni. Sasa rudia hesabu kwa 4.6 badala ya 5: volti 1.85 inakuwa ukinzani wa omu 6730 hivi, na hiyo ni digrii 34.2. Kipimajoto cha homa kilikuwa sahihi, kope ilikuwa sahihi, na jedwali langu la wino mwekundu ndilo lilikuwa linadanganya.

Dawa ya kwanza ilikuwa rahisi mpaka inaudhi. Mkondo unaopita kwenye rezista ndio huohuo unaopita kwenye thamista. Kwa hiyo pima volti za thamista, pima na za rezista, gawanya, zidisha kwa 10000, una R. Hiyo 5 haiingii popote. Kwenye 37.5 jibu la kugawanya ni 0.587, chaja iwe inatoa 5 au 4.6.

Mama mdogo akasema yeye usiku wa manane hagawanyi kitu. Haki yake. Ndipo nikakumbuka daraja la Wheatstone, lile tulilokariri kwa ajili ya mtihani. Nikaongeza mkono wa pili: juu omu 10000, chini omu 5600 na 270 mfululizo, jumla 5870, ambayo ndiyo thamista kwenye 37.5. Waya mwekundu wa multimita katikati ya mkono wa thamista, mweusi katikati ya mkono wa pili. Joto likiwa 37.5 mikono inalingana na multimita inasoma sifuri. Chaja ikishuka, pande zote zinashuka pamoja, na sifuri inabaki sifuri. Namba ikiwa chanya kuna baridi, ikiwa na alama ya kutoa kuna joto kali. Kwa chaja ile, digrii moja ni kama volti 0.044. Ila hizo rezista zipime kwanza kwa multimita, msiamini rangi zake, maana za asilimia 5 zinaweza kukupotezea zaidi ya digrii nzima.

Daraja hili linajua joto moja tu. Ukitaka kujua ni 36 au 39 kamili, unarudi kwenye kugawanya. Lakini kwa mayai, mama mdogo anataka kujua kitu kimoja: imetulia au haijatulia.

Tulizungusha skrubu mpaka sifuri. Baada ya saa kadhaa kipimajoto cha homa kikasoma 37.4. Vifaranga walichelewa, wa kwanza alitoka siku ya 23, na jumla wamepatikana 31. Jedwali langu bado lipo ukutani. Mama mdogo amegeuza upande wa pili anaandikia madeni ya mayai, na jina la kwanza kwenye orodha ni la kwangu.