Kasoro, Uchakavu na Uharibifu: Barua ya Mpangaji Anayehama

Kiswahili cha upangaji wa nyumba kina maneno matatu ambayo wengi wetu huyatumia kana kwamba ni neno moja: kasoro, uchakavu na uharibifu. Siku ya kuhama, tofauti ya maneno hayo huwa fedha taslimu. Uchakavu ni kazi ya miaka, hauna mkosaji. Uharibifu una mkono wa mtu, na mwenye mkono huo ndiye anayelipa. Kasoro ni upungufu, na neno lenyewe linajieleza kwenye saa: tukisema saa mbili kasoro robo tunatoa robo katika mbili. Nyumba yenye kasoro ni nyumba iliyotolewa kitu, ilhali bei yake imebaki nzima.

Nimeyapima maneno hayo nilipoandika barua ya kuhama katika nyumba niliyopanga juu ya kilima cha Igogo, hapa Mwanza. Nilikuwa na vyumba viwili na sebule, sehemu ya nyumba kubwa tuliyokaa wapangaji wanne. Ziwa lilionekana kutoka mlangoni, na nyuma ya nyumba kulikuwa na mwamba mkubwa mfano wa ile iliyolipa jiji letu jina la Jiji la Miamba. Kodi ilikuwa shilingi 180,000 kwa mwezi. Niliingia Juni 2022, nikalipa miezi sita mara tatu, kama ilivyo desturi ya miji yetu. Desemba 2023 tulikubaliana kwa maandishi kwamba nitalipa mwezi hadi mwezi. Makubaliano hayo ndiyo yaliyonipa nafasi ya kuzungumza, kwa maana aliyekwisha kulipa nusu mwaka hana cha kuzuia. Fedha yake iko mfukoni mwa mwingine tangu mlangoni.

Nilimwarifu mwenye nyumba kuhusu matengenezo Novemba 2023, tena Januari, kisha kwa barua mwezi Machi 2024. Jibu lake la mwisho lilikuja kwa simu: “Nyumba ikikushinda, hama. Wapangaji hawaishi mjini.” Ni mzee wa rika la baba yangu, nami nilimwitikia, “Nimekuelewa, mzee.” Tarehe 30 Aprili nikampelekea barua ya kuondoka ifikapo 31 Mei, kwani katika upangaji wa mwezi hadi mwezi taarifa haipaswi kupungua mwezi mmoja.

Barua ilianza kama barua zetu za kiofisi zinavyoanza: “Yah: Kuondoka nyumbani, hali ya nyumba, na kodi ya mwezi Mei.” Mambo matatu, kila moja na aya zake. Orodha ya ubovu ndiyo iliyonitaka uangalifu zaidi. Ukiandika “paa ni bovu na ukuta umeharibika”, umeandika malalamiko, tena neno “umeharibika” linamkaribisha msomaji aulize ni nani aliyeharibu. Nilichagua kuandika kila kipengele kwa maswali manne: ni mahali gani, kilianza lini, kinatokana na nini, na kimezuia matumizi gani.

Kwanza paa. Niliandika: “Chumba cha nyuma, upande wa dirisha, maji hudondoka mvua inaponyesha, kupitia matundu ya misumari ya bati iliyoshika kutu. Dari imelegea. Kitanda kimehamishiwa sebuleni tangu Novemba.” Neno muhimu hapo ni “inaponyesha”. Maji ya paa hufika pamoja na mvua na hukoma muda mfupi baada yake.

Pili ukuta wa nyuma, ambao mwenye nyumba aliuchanganya na paa kila tulipozungumza. Maji ya ukuta huo hayakuja na mvua. Yalikuja saa kadhaa baadaye, mvua ikiwa imekwisha na jua limechomoza, nayo yalianzia chini yakipanda. Mvua ya kilimani haizami kwenye jiwe. Huteremka juu ya mwamba, hukusanyika kwenye udongo mwembamba ulio kati ya mwamba na msingi, kisha hunywewa na tofali. Yanapokauka huacha unga mweupe wa chumvi, na lipu hubanduka kwa mabamba. Mtu akipaka rangi juu yake, rangi hiyo hutoka masika yanayofuata, kwa kuwa dawa ya ukuta ule ni mtaro wa kukata maji kabla hayajafika kwenye msingi. Kwa hiyo niliandika “unyevu unaopanda kutoka chini kwa kukosekana mtaro”, maneno yanayotaja chanzo na kuonyesha kwamba chanzo kiko nje ya chumba changu.

Tatu, kwenye ukuta huohuo kulikuwa na swichi ya taa. Unyevu uliifikia, na Februari ikaanza kumtetemesha anayeigusa. Nne, shimo la majitaka la nyumba nzima lilijaa na kufurika uani wakati wa mvua. Katika kilima cha mawe shimo huchimbwa fupi, maana jembe hugota, na maji yake hayana pa kuzama. Hujaa upesi kuliko shimo la watu walewale kwenye udongo wa mchanga.

Kisha nikaongeza aya ambayo rafiki yangu mmoja alinishauri niifute: “Matundu manne juu ya madirisha niliyatoboa mimi kwa ajili ya mapazia. Nimeyaziba na kuyapaka rangi.” Huo ndio uharibifu wangu, nami niliuita kwa jina lake. Orodha inayotaja ya mwandishi wake huaminika zaidi inapotaja ya wengine. Rangi ya sebule iliyofifia niliiandika chini ya neno “uchakavu”, bila kumdai mtu na bila kudaiwa.

Sasa kodi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113, katika kifungu cha 88 inamwekea mwenye nyumba ahadi ambazo zimo katika kila upangaji hata zisipoandikwa. Mojawapo ni kwamba nyumba ya kuishi iwe inafaa kukaliwa na binadamu mwanzoni na ibaki hivyo. Nyingine inahusu jengo lililopangishwa kwa sehemu, kama letu: paa, kuta kuu na mifereji mikuu ni vya mwenye jengo kuvitunza. Lakini kifungu kinachofuata kinamtaka mpangaji alipe kodi kwa wakati. Vifungu hivyo vinakaa bega kwa bega, na cha kwanza hakifuti cha pili. Mpangaji anayesema “paa linavuja, basi silipi” anakuwa amevunja ahadi yake ili kulalamikia ahadi iliyovunjwa, na mbele ya baraza watakuwa wakosaji wawili.

Kifungu hichohicho cha 88 kinaruhusu kodi, au sehemu yake ya haki, isimame iwapo nyumba imeharibiwa na moto, mafuriko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji. Nilishauriwa niegemee hapo. Sikuegemea. Mvua ya kawaida inayopita kwenye bati la siku nyingi ni vigumu kuiita ajali, na hoja dhaifu katika barua huzichafua zile zenye nguvu.

Hapo ndipo vitenzi vilipokuwa na kazi. Sikuandika “ninakataa kulipa”, maana kukataa ni kuvunja. Sikuandika pia “ninasamehewa”, maana hakuna aliyesamehe. Niliandika “ninazuia” na “ninakata”. Kuzuia ni kushikilia kitu ambacho unakubali kuwa kina mwenyewe, mpaka hesabu ikamilike. Kukata ni kutoa kiasi kinachojulikana kwa sababu inayojulikana.

Hesabu yangu ilikuwa hii. Machi, majitaka yalipofika kwenye mlango wa jikoni, nilimwomba mwenye nyumba alete gari la kunyonya. Baada ya siku tano bila jibu nilimwandikia kwamba nitaliita mwenyewe na kuikata gharama kwenye kodi. Gari lilichukua shilingi 100,000. Swichi na waya wake, pamoja na ufundi, vilikuwa shilingi 35,000, navyo pia nilimwarifu kabla ya kununua. Jumla ni shilingi 135,000. Katika kodi ya Mei ya shilingi 180,000 nilizuia kiasi hicho tu, nikamtumia shilingi 45,000 zilizobaki, nikaambatisha nakala za stakabadhi na za ujumbe. Kwa chumba nilichokosa kukilala miezi sita sikukata hata senti. Naamini nilikuwa na haki ya kitu, lakini thamani yake haikuwa na stakabadhi, na kuikadiria ni kazi ya baraza.

Alipoipata barua alitishia kufunga geti vyombo vyangu vikiwa ndani. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi, kwani kitanda, vitabu na cherehani ya mke wangu ndiyo mali yetu yote. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na nakala ya barua, nikamwomba aje kuikagua nyumba siku ya kutoa vyombo. Alikuja, na mwenye nyumba akaja pia. Tulisoma orodha kipengele kwa kipengele tukiwa tumesimama mbele ya kila kitu kilichotajwa. Kwenye ukuta wa nyuma mzee alisema, “Huu mmeuharibu nyinyi.” Mwenyekiti akaweka kiganja juu ya lipu lenye unyevu, akatoka nje, akaangalia udongo kati ya mwamba na msingi, akauliza, “Mzee, mtaro wa huku uko wapi?” Hakujibiwa.

Mzee hakukubali kwamba paa ni lake kulitengeneza, na sikumlazimisha. Alikubali stakabadhi mbili. Tuliandika mstari mmoja chini ya barua: “Kodi ya Mei 2024 imekamilika, hakuna anayemdai mwenzake.” Tukatia sahihi sote watatu. Asingekubali, njia iliyobaki ilikuwa baraza la kata kwa usuluhishi, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko nako kitu cha kwanza ambacho kingesomwa ni barua ileile, kwa maneno yaleyale.