Jumatatu Jioni au Jumanne Asubuhi

Semista iliyopita jaribio letu la saikolojia ya elimu lilivunjwa na upepo. Mwalimu hutoka Unguja kwa boti, na siku ile kusi lilichafua bahari, boti haikufika Mkoani. Sisi huku Chake tumeshakaa na kalamu mkononi. Jioni akaandika kwenye grupu: jaribio Jumatatu saa 2 asubuhi.

Saa ile ile wenzetu 14 wa Historia walikuwa wanasimamiwa kufundisha somo la mazoezi, na alama zake zinahesabika. Grupu likawaka. Mie ndiye kiongozi wa darasa, nikaandika: "Mwalimu, Jumatatu haiwezekani, tunaomba ubadilishe." Nikaisoma tena kabla ya kutuma. Ina "tunaomba", lakini ni amri iliyovaa kanzu. Tena inamwachia yeye kazi yote: atafute siku, atafute chumba, aulize nani yupo. Mtu aliyechoka, jibu jepesi kwake ni "ratiba iko pale pale."

Nikaifuta. Kwanza nikataka kujua yeye kabanwa na nini. Karani wa idara akaniambia alama zinatakiwa Ijumaa, na Mwalimu anarudi Unguja Jumatano asubuhi. Basi siku yoyote baada ya Jumanne, hata tuipende vipi, kwake si siku. Kisha nikapita darasa zima, watu 46. Sikuuliza "mnataka lini?", maana ningepata siku 46. Niliuliza "lini huwezi kabisa?" Zikabaki nafasi tatu. Ya kwanza, Jumatatu saa 8 mchana, ilikufa nilipokwenda kuangalia vyumba: pana darasa la diploma. Ningeitaja bila kuangalia na yeye akaikubali, ningerudi kumwomba mara ya pili, na hapo nani angenisikiliza?

Ujumbe niliotuma ni huu:

"Assalamu alaykum Mwalimu, pole na safari. Jumatatu saa 2 wenzetu 14 wana somo linalosimamiwa. Tumeona nafasi mbili ambazo sote tupo na chumba kiko wazi: Jumatatu saa 10 jioni, au Jumanne saa 2 asubuhi. Kama upo wakati mwingine unaokufaa zaidi, tuambie tuulizane. Tukipata jibu kesho mchana tutawahi kuwaarifu wanaotoka Micheweni."

Jibu lilikuja usiku ule ule: "Jumanne, ila saa 1 na nusu." Nusu saa ile hatukuitarajia, lakini mlango tuliufungua wenyewe. Watu wa Micheweni walinuna kidogo, wawili wakaja kulala kwa jamaa zao hapa mjini.

Msiende kujaribu haya kwenye mtihani mkuu wa mwisho wa semista. Ule ratiba yake haimo mikononi mwa mwalimu. Ukiumwa au ukifiwa unaandika barua ya kuomba kuahirisha, na ushahidi juu yake, mapema. Jaribio la darasani ndilo lake, ndiyo maana alikuwa na kitu cha kuchagua.

Jumanne upepo ulikuwa bado unavuma. Swali la pili lilinishinda.