Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Asubuhi ile lita 500 za maziwa zilikataa kuganda, na lawama zote zikamwangukia mama wa zamu ya usiku. Eti alichezea joto. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, sina sauti pale kiwandani, lakini nililisoma daftari lake: nyuzi 42 usiku kucha.

Nilichuja maji ya yale maziwa kwa kichujio ambacho bakteria hawapenyi, nikadondosha tone kwenye sahani iliyojaa bakteria wa kugandishia. Kesho yake, palipoangukia tone palikuwa patupu. Ingeweza kuwa dawa aliyochomwa ng'ombe. Nikazimua yale maji mara nyingi, nikarudia. Dawa ingefifia tu; mimi nilipata vidoa vidogo vya kuhesabika, kila kimoja kimeanzia kwa muuaji mmoja. Walikuwa faji, virusi wanaoshambulia bakteria. Mama hakuwa na kosa.

Usiku huo, nikitafuta namna viwanda vingine vinavyojikinga, nilikutana na CRISPR. Nilikuwa naijua kama mkasi wa kuhariri jeni. Kumbe kabla ya kuwa mkasi wetu, ilikuwa ngao ya bakteria.

Mwaka 2007 Rodolphe Barrangou, Philippe Horvath na wenzao katika kampuni ya Danisco walichapisha jaribio lao. Walichukua bakteria wa mtindi, Streptococcus thermophilus, wakawaachia faji. Wengi walikufa. Wakachunguza koo tisa za walionusurika. Kwenye DNA yao kuna sehemu ambayo maneno yaleyale yanajirudia, na katikati ya marudio kuna vipande visivyofanana. Walionusurika walikuwa wameongeza pale kipande kimoja hadi vinne, kila kimoja cha herufi kama 30, zilizolingana na za faji aliyewashambulia. Watafiti walipoondoa vipande hivyo, kinga ilipotea. Walipoviweka kwa bakteria asiye na kinga, akaipata.

Bakteria hunakili kipande kile kuwa RNA, na protini ya Cas huibeba kama mgambo mwenye picha ya mhalifu. Ikikuta DNA inayolingana, huikata. Na kwa kuwa picha imeandikwa kwenye DNA ya bakteria mwenyewe, watoto wake huzaliwa nayo.

Lakini faji naye si mjinga. Baadhi walipenya kwa kubadilika herufi moja tu katika sehemu ile inayotambuliwa. Ndiyo maana viwanda hubadilisha mbegu za kugandishia kwa zamu. Hakuna kinga ya kudumu.

Nilimweleza mama yule tukiosha matangi. Alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, hata hao wadudu hutunza kumbukumbu ya aliyewaumiza?"

Nikamwambia ndiyo.

"Basi na mimi daftari langu sitaliacha tena hapa," akasema, akalitia kwenye mkoba.